Kitabu kibebwe na simu

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 42, ni karani katika duka la vifaa vya ujenzi hapa Morogoro, na nina watoto wawili wa shule ya msingi. Tangu nimalize kidato cha nne sijawahi kuanza kitabu nikakimaliza. Safari hii nimenunua riwaya ya kurasa 180, nikapanga kusoma kurasa 20 kila siku saa tatu usiku kitandani, na kengele ya simu nikaitegesha. Nilienda siku nne. Ya tano nikasinzia kabla sijageuza ukurasa. Mwenzangu kazini akaniambia nipachike kusoma kwenye jambo ninalolifanya kila siku. Nikachagua baada ya chai ya asubuhi. Wiki haikuisha.

Siku yangu iko hivi: naamka saa kumi na moja na nusu, tunakunywa chai, gari la shule linachukua watoto saa kumi na mbili na nusu, nami napanda daladala niwahi kazini saa mbili. Jumapili sifanyi kazi. Jioni niko jikoni, tunakula saa mbili usiku, naosha vyombo, halafu nachomeka simu sebuleni kwa sababu soketi ya chumbani imekufa. Nakaa hapo hapo ukutani nikiperuzi mpaka saa nne, nakwenda kulala. Mbinu hii inafanyaje kazi hasa? Nianze na kurasa ngapi? Na ni kweli siku 21 zinatosha?

Msomaji wako, Morogoro

*

Marahaba, mwanangu.

Mwenzako alikuelekeza vizuri, ila alikupa nusu ya maelezo. Katika mbinu hii tabia ya zamani ni mama, na tabia mpya ni mtoto wa mgongoni. Mtoto hatembei mwenyewe bado, anakwenda anakokwenda mama. Kwa hiyo kazi kubwa si kumhimiza mtoto, ni kumchagua mama atakayeweza kumbeba. Hapo ndipo ulipokosea, na wengi hukosea hapo hapo.

Tuanze na sababu ya kengele kushindwa. Kengele hulia kwa saa, haijui uko wapi wala mikono yako imeshika nini. Saa tatu kamili inaweza kukukuta na sufuria yenye povu mkononi, unaizima, unasema nikimaliza nitakwenda, na ukimaliza hakuna tena kinachokukumbusha. Tabia ya zamani haina shida hiyo. Inapoisha, imeshakuleta mahali fulani, mikono imekuwa mitupu, na kwa dakika moja akili haina kazi. Ule mwisho ndio alama. Ukifanya jambo lile lile, mahali pale pale, mara tu baada ya alama ile ile, siku nyingi mfululizo, akili inaacha kujadili na jambo linaanza kukuvuta lenyewe. Ndivyo ulivyozoea kuperuzi simu pale ukutani bila mtu yeyote kukuwekea kengele.

Sasa mama gani? Pima kwa mambo matatu. Awepo kila siku, Jumapili ikiwemo. Awe na mwisho unaoonekana au kusikika, si kitu kinachofifia polepole. Na akimaliza akuache umekaa, una mwanga, na hakuna anayekusubiri kwa dakika tano zijazo.

Chai yako ya asubuhi inapita kipimo cha kwanza na kufeli viwili vilivyobaki. Chai huisha lini? Kikombe cha mwisho kinanywewa umesimama, mmoja anatafuta soksi, mwingine hajamaliza mkate, gari la shule linapiga honi. Ni mama mwenye haraka. Mtoto ataanguka tu. Daladala inafeli Jumapili, na siku za kusimama huwezi kushika bomba na kitabu kwa pamoja. Mapumziko ya mchana nayo yanakufa kila Jumapili, na mteja wa misumari hajui kama uko kwenye sura ya pili. Kitandani ulishajaribu. Kitanda kimeshabeba tabia yake, nayo ni usingizi. Ina miaka arobaini ya mazoezi, na riwaya ya wiki moja haiwezi kuishinda.

Kuna wanaopachika kusoma kwenye wali: ukishafunika sufuria na kupalia makaa juu, unabaki jikoni dakika kama kumi na tano huna la kufanya. Ni mama mzuri kweli kwa anayepika wali kila siku. Siku ya ugali, ambao hautaki uondoe mkono kwenye mwiko, mtoto anabaki chini.

Kwako wewe jibu limo ndani ya barua yako mwenyewe: kuchomeka simu. Unafanya kila siku, Jumapili na sikukuu. Kuna mwisho wa wazi, ule mlio mfupi au alama ya umeme kwenye kioo. Vyombo vimeoshwa, umekaa, taa ya sebuleni inawaka, na ni mapema kidogo kabla usingizi haujakulemea. Zaidi ya hayo, mpinzani mkubwa wa kitabu chako anakuwa amefungwa kamba ukutani.

Tatizo ni moja, kwamba pale ukutani tayari kuna mtoto mwingine mgongoni: kuperuzi. Huwezi kupachika kusoma juu yake, lazima kimoja kishuke. Usiapie kuacha kuperuzi. Badilisha samani. Kiti unachokalia kisogeze dirishani, mbali na soketi kiasi kwamba waya wa chaja haukifikii, hatua tatu zinatosha. Kitabu kikae mchana kutwa pale simu inapowekwa usiku, juu ya meza au kijistuli kilicho chini ya soketi. Ukija kuchomeka, huna pa kuilaza simu mpaka unyanyue kitabu. Simu inalala pake, kitabu kiko mkononi, kiti kiko hatua tatu. Ukishasoma kiasi chako, rudi ukaperuzi ukitaka, hakuna dhambi. Tunachotafuta ni nani atangulie.

Kisha andika sentensi moja kwenye karatasi na kuiweka ndani ya kitabu kama kialamisho: “Nikishachomeka simu sebuleni, nitakaa kwenye kiti cha dirishani na kusoma ukurasa mmoja.” Angalia neno la kwanza. Kiswahili kimekupa hapo kiungo ambacho lugha nyingine zinakihangaikia: “nikisha” inasema tendo limekamilika, na lingine linafuata papo hapo. “Baada ya chai” haisemi hivyo. Baada ya chai ni asubuhi nzima. Hata saa tano mchana bado ni baada ya chai. Sentensi yako ikiwa haiwezi kuanza na “nikisha”, mama uliyemchagua hana mwisho, tafuta mwingine.

Huenda utajiuliza kwa nini usisome kwanza ndipo uchomeke simu, kama malipo. Mpangilio huo ni dhaifu. Mwaka 2013 watafiti wa Uingereza walichapisha jaribio la watu 50 waliofundishwa kusafisha katikati ya meno kwa uzi. Nusu waliambiwa watumie uzi kabla ya kupiga mswaki, nusu baada. Miezi minane baadaye waliofanya baada ndio waliokuwa na tabia iliyoshika zaidi. Inaeleweka: ukitanguliza jambo jipya, inabidi ulikumbuke wewe mwenyewe, kwa sababu mama bado hajafika kukuita.

Kuhusu kiasi, kurasa 20 kwa siku ni mzigo wa msomaji aliyezoea. Ukurasa wa riwaya ya kawaida una maneno kama 250. Mtu ambaye hajasoma vitabu kwa miaka mingi, tuseme anakwenda maneno 125 kwa dakika, anatumia dakika mbili kwa ukurasa. Kurasa 20 ni dakika 40 kila usiku, baada ya siku nzima ya hesabu za saruji na mabati. Jipime mwenyewe: soma kurasa tatu kwa mwendo wako, angalia saa, gawanya kwa tatu.

Anza na ukurasa mmoja. Najua unaonekana mdogo hadi unatia aibu, lakini wiki hizi mbili za mwanzo hujifunzi kusoma, kusoma unajua. Unafundisha mwili kutoka kwenye soketi kwenda kwenye kiti na kufungua kitabu. Kipande hicho ndicho kigumu, na kinafundishwa sawasawa na ukurasa mmoja kama kinavyofundishwa na ishirini, tofauti ni kwamba mmoja unawezekana hata siku una homa au mgeni amechelewa kuondoka. Ukisikia utamu ukasoma sita, soma. Ila usiibadilishe sentensi. Wanaoanza hunogewa siku ya tatu, wanasoma kurasa 30, na siku ya nne akili inakumbuka bei ya jana, 30, wakati wewe unadhani bei bado ni moja. Ndiyo maana siku ya nne au ya tano huangusha watu, kama ilivyokuangusha wewe.

Weka alama ya vema kwenye kalenda ya ukutani kila usiku uliosoma, na usipande mpaka siku 14 ziishe na katika saba za mwisho uwe umesoma angalau sita. Hapo badilisha iwe kurasa tatu kwa siku 14 nyingine, kisha tano. Kwa riwaya yako hesabu inakuja hivi: wiki mbili za kwanza kurasa 14, wiki mbili zinazofuata kurasa 42, jumla 56. Zinabaki 124, kwa tano kwa siku ni siku 25. Siku 53 kitabu kimekwisha, bila kuhesabu usiku ulionogewa, na hata hizo kurasa tano ni dakika kumi tu. Siku mbaya, rudi kwenye mmoja. Ukurasa mmoja unahesabika kuwa vema kamili, si nusu.

Kitu kidogo kinachowasumbua wanaoanza ni kupoteza dakika nzima wakitafuta walipoishia. Acha kialamisho kwenye ukurasa, na kwa penseli weka nukta pembeni ya mstari wa mwisho. Kesho rudia mistari miwili iliyo juu ya nukta ndipo uendelee, na majina ya watu yatakurudia. Usijilazimishe kufika mwisho wa sura. Ukiishia katikati ya jambo, kesho kuna kinachokungoja.

Siku 21? Asili yake ni daktari wa Marekani wa upasuaji wa sura, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuzoea uso mpya kwenye kioo. Alizungumzia pua, na neno “angalau” likadondoka njiani. Waliopima tabia zenyewe ni watafiti wa chuo kikuu cha University College London, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009. Watu 96 walichagua kila mmoja jambo moja la kula, kunywa au mazoezi, walifanye kila siku baada ya alama ile ile, na wakafuatiliwa kwa siku 84. Katikati ya kundi ilikuwa siku 66 hadi jambo lianze kujiendesha. Aliyewahi sana ni siku 18, na kwa aliyechelewa sana hesabu ilikadiria 254, yaani mbali kupita muda wa utafiti wenyewe. Kunywa maji kuliwahi kuliko mazoezi. Kusoma hakukuwemo, kwa hiyo zichukue namba hizo kama picha tu. Wewe panga miezi miwili hadi mitatu, na usishangae siku ya 22 ukiwa bado unajisukuma.

Utafiti huo ulionyesha pia kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kilichokwisha kujengeka. Kwa hiyo ukikosa Jumatano, Alhamisi soma ukurasa mmoja, si miwili ya kulipa deni. Deni ndilo linaloua. Ukikosa mbili mfululizo, acha kujilaumu na umkague mama: je, ulichomeka simu kama kawaida? Ulichomekea pengine? Kitabu kilikuwa chini ya soketi au mtoto alikihamisha?

Mama huharibika kwa njia ninazoweza kukutajia mapema. Ya kawaida zaidi ni kitu kujipenyeza katikati. Unachomeka simu, halafu “nione tu nani kaandika”. Hesabu muda kati ya mlio wa chaji na neno la kwanza la kitabu. Wiki ya kwanza ni sekunde chache. Ukiona umefika dakika mbili, tatu, kamba imeshakatika hata kama bado unasoma, na wiki ijayo hutasoma. Tiba ni kulaza simu kifudifudi, kisha kuangalia kama kiti hakijasogea kimya kimya kurudi ukutani. Viti hurudi.

Ya pili ni umeme kukatika. Hakuna mlio, hakuna alama, na mtoto wa mgongoni hajui kama safari ipo. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza tendo lako liwe kuilaza simu pale chini ya soketi, umeme uwepo usiwepo. Giza likiingia fanya vivyo hivyo, uingize waya kana kwamba upo, na karibu na kitabu iwepo taa ndogo ya kuchaji. Usitumie tochi ya simu. Utakuwa umemwita mpinzani aje kukushikia mwanga.

Ya tatu ni safari. Ukienda msibani au kusalimia wazazi, kiti na dirisha vinabaki Morogoro, lakini chaja unabeba. Basi viringisha waya wa chaja uuzungushie kitabu, vikae mfuko mmoja. Huwezi kutoa kimoja bila kugusa kingine.

Na tafadhali usirundike. Watu wakiona jambo moja limekubali huongeza kuandika shajara, kunyoosha mgongo, kunywa maji, vyote baada ya simu. Mnyororo ukifika vitu vinne, kimoja kikikwama vilivyo nyuma yake vyote vinasubiri, na mara nyingi kinachosubiri mwisho ni kitabu. Mtoto mmoja kwanza.

Nikuulize jambo ambalo hukulitaja. Ukisoma unakisogeza kitabu mbali na uso, au herufi zinaanza kuingiliana baada ya mistari michache? Kuanzia miaka arobaini hivi lenzi ya jicho hupungua uwezo wa kubadilika umbo ili kutazama karibu. Hakuna mbinu ya tabia inayotibu hilo, na macho yanayochoka hufanana kabisa na usingizi. Kapime macho kabla ya kujiita mvivu. Huenda unachohitaji ni miwani ya kusomea. Taa nayo iwe juu au nyuma ya bega, kivuli cha kichwa kisiangukie ukurasa.

Utajua tabia imeshika siku utakapojikuta umekaa na kitabu mkononi, na hukumbuki kuamua. Dalili nyingine ni kwamba ukiruka siku, unahisi umesahau kitu kama mtu aliyetoka bila kufunga mlango. Hapo, si kabla, ndipo unaweza kumpa mtoto wa pili mama mwingine. Kwa ratiba yako ningeanza na mchana, ambao ulishindwa kubeba mtoto wa kwanza kwa sababu ya Jumapili na wateja, lakini wa pili anaweza kuvumilia: “Nikishafunika chombo changu cha chakula kazini, nitasoma ukurasa mmoja.” Kitabu hicho kiwe kingine, chepesi, kisichotoka kwenye droo ya kazini, ili cha sebuleni kisije kikasahaulika dukani na usiku ukakuta meza tupu.